UZI: Hakuna kilichomwagika, kwa hivyo hakuna cha kuripoti? (brusela, maabara ya chuo, Kisumu)

Kitanzi_Ksm · Alhamisi, saa 1:12 jioni

Wadau, naomba ushauri wa haraka. Mimi ni mteknolojia katika maabara ya chuo huku Kisumu. Ijumaa tarehe 5 tulipokea maji ya tumboni mwa kijusi cha ng'ombe aliyetupa mimba, tukapanda kwenye agaa ya damu. Jumatatu tarehe 8 vikatokea vidoa vidogo sana, kama umande. Mwanafunzi wa uzamili akafanya rangi ya Gramu, katalesi na oksidesi. Jumanne tarehe 9 akachanganya bakteria na maji ya chumvi kwenye voteksi, akajaza ukanda wa API 20NE, na jibu likasomeka kuwa ni moraksela. Alhamisi tarehe 11 akapanda tena kwenye pleti mpya, na Ijumaa tarehe 12 tukaifunga na kuituma maabara ya rufaa kwa sababu jibu halikuingia akilini.

Leo tarehe 25 saa tisa alasiri wamepiga simu. Ni brusela.

Mhadhiri msimamizi anasema hakuna ajali iliyotokea: hakuna pleti iliyoanguka, hakuna aliyejichoma, hakuna kilichomwagika, kwa hiyo fomu ya ajali haina pa kuandikwa. Je, ni kweli? Na kama si kweli, naanza na nani?

Bi_Kinga · saa 1:31 jioni

Si kweli, Kitanzi. Kwa brusela, kuifungua pleti mezani ndiyo ajali yenyewe. Bakteria wachache sana, kati ya 10 na 100, wanatosha kumwambukiza mtu wakivutwa na pumzi. Ndiyo maana imekuwa miongoni mwa maambukizi ya bakteria yanayowapata wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi, na wengi wao hawakumbuki siku waliyomwaga kitu. Ile katalesi ya kwenye kioo, unapodondosha haidrojeni peroksaidi na mapovu yanapasuka, kila povu linarusha matone yasiyoonekana.

Usiku huu fanya mambo matatu tu. La kwanza, pleti zote, mirija na chochote kilichohifadhiwa kwenye friza kizibwe kwa utepe, kiwekwe ndani ya chombo chenye mfuniko, kifungiwe na kiandikwe. Usikimbilie otoklevu kabla hujahesabu vyote na kuuliza maabara ya rufaa kama wanahitaji chochote. La pili, mpigie simu afisa wa usalama wa kibiolojia wa chuo, na kama hayupo, mwenyekiti wa kamati ya usalama. Msimamizi ameshajua, lakini mnyororo haukatiki kwa sababu yeye amekataa. La tatu, andika orodha ya kila aliyeingia chumba hicho kuanzia tarehe 8 hadi 12, na alikuwa wapi. Hiyo orodha ndiyo ripoti yako. Fomu yoyote ukiikosa, karatasi nyeupe inatosha.

Omosh_Njoro · saa 1:40 jioni

Pole sana ndugu. Ila dawa za kuzuia zinatakiwa ndani ya saa 72, na hapa zimeshapita siku 17 tangu pleti ya kwanza ifunguliwe. Kwa maoni yangu mbaki mkijichunguza tu, ukipata homa unaenda hospitali.

Nekesa_CO · saa 1:52 jioni

Omosh, saa 72 ni za virusi vya ukimwi: mtu amejichoma sindano au damu imemrukia jichoni, anaosha kwa maji mengi yanayotiririka bila kukamua kidonda, anaanza dawa mapema iwezekanavyo na anazimeza siku 28. Ukileta saa hizo kwenye brusela utawanyima watu kinga iliyo wazi kwao bado.

Brusela hujificha. Dalili zinaweza kutokea baada ya siku tano, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine hata miezi mitano au sita. Siku ya 17 umechelewa kuliko siku ya 1, lakini mlango haujafungwa. Dawa ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini miligramu 600 mara moja kwa siku, kwa siku 21.

Omosh_Njoro · saa 1:58 jioni

Nimekubali, asante kwa kunisahihisha. Lakini bado nina swali. Kitanzi, kazi hii mliifanya ndani ya kabati lenye feni au mezani? Kama ilikuwa ndani ya kabati, basi hatari ni ndogo kabisa.

Kitanzi_Ksm · saa 2:05 usiku

Rangi ya Gramu na katalesi vilifanyika mezani. Voteksi na API vilifanyika ndani ya kabati la hewa safi lililo pembeni ya dirisha. Hapo nilikuwa na matumaini kidogo.

Bi_Kinga · saa 2:11 usiku

Kabati gani hasa? Nenda nalo taratibu. Liwashe likiwa tupu, kata kipande chembamba cha tishu, ukishike kwenye mdomo wa kabati. Kikivutwa kuelekea ndani, ni kabati la usalama. Kikipeperuka kuja kwako, ni lile la kukuzia tishu za mimea, ambalo hewa yake hutoka nyuma, hupita juu ya kazi na kukupiga usoni.

Kitanzi_Ksm · saa 2:34 usiku

Tishu imepeperuka kuja kwangu. Ubavuni kuna kibandiko cha mradi wa migomba ya tishu.

Bi_Kinga · saa 2:37 usiku

Basi kabati hilo lilikinga pleti, likamwacha mtu. Kwa aliyekaa mbele yake ni vibaya kuliko meza wazi, kwa kuwa hewa ilikuwa inasukumwa kwake. Liandike hivyo hivyo kwenye ripoti, pamoja na jaribio la tishu na saa uliyolifanya.

Daktari_wa_Mifugo_Nax · saa 2:50 usiku

Salaam kutoka Nakuru. Naona mnapita juu ya jambo moja. Sampuli ya ng'ombe aliyetupa mimba inaingiaje maabara bila mtu kufikiria brusela? Huku kwetu ndilo wazo la kwanza. Mimi nasema chanzo ni fomu inayoambatana na sampuli. Kitanzi, fomu ilisema nini?

Kitanzi_Ksm · saa 2:58 usiku

Fomu iliandikwa "majimaji, ng'ombe, uchunguzi wa bakteria". Neno la kutupa mimba tulilisikia kwa mdomo siku ya tatu, na aliyelisikia hakuwa aliyeshika pleti.

Daktari_wa_Mifugo_Nax · saa 3:03 usiku

Ndicho nilichokuwa natafuta.

Pleti_Moto · saa 3:15 usiku

Daktari, kwa heshima, mimi naona fomu haikuwa chanzo. Chanzo ni API. Ule ukanda unajulikana kwa kuiita brusela moraksela, kwa sababu zote hazichachushi sukari zilizomo na zinafanana kwa mengi. Na mashine nyingine za kutambua bakteria huandika `Ochrobactrum anthropi`. Mteknolojia akiona majina hayo mawili kwenye pleti iliyochukua siku mbili au tatu kuota, vijiti vifupi vya gramu hasi vilivyo vidogo kama vumbi, oksidesi chanya, katalesi chanya, na urea inayogeuka waridi upesi, anatakiwa kusimamisha mkono hapo hapo. Kwenye makonki iliota?

Kitanzi_Ksm · saa 3:19 usiku

Haikuota. Urea iligeuka ndani ya dakika 20.

Pleti_Moto · saa 3:22 usiku

Basi Jumatatu tarehe 8 mlikuwa na kila kitu cha kuwaambia "simama". Hakuna mashine iliyohitajika.

Bi_Kinga · saa 3:30 usiku

Mnaweza kubishana chanzo hadi asubuhi, na ripoti ya chanzo itakuwa na nafasi yake. Kwa sasa naomba turudi kwa watu. Kitanzi, orodha.

Kitanzi_Ksm · saa 3:48 usiku

Nimepima kwa futi kamba kutoka pale pleti ilipofunguliwa:

Mwanafunzi aliyefanya kazi, yeye mwenyewe yuko juu ya pleti. Mwenzake kiti cha kando, sentimita 80. Mimi mezani kwangu, mita 2.3. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza dirishani, mita 4, lakini karibu na lile kabati, kama mita 1. Mhadhiri aliingia Jumatatu, akainama kutazama pleti ikiwa wazi. Wa sita aliingia Jumanne kuchukua barafu, akakaa dakika mbili hivi.

Bi_Kinga · saa 4:02 usiku

Kazi nzuri sana. Kipimo kinachotumika ni mita 1.5. Aliyefungua pleti nje ya kabati la usalama, au aliyekuwa ndani ya mita 1.5 kutoka pale, yuko kwenye hatari kubwa na anashauriwa dawa. Aliyekuwa mbali zaidi chumbani yuko kwenye hatari ndogo: anafuatiliwa kwa damu na dalili, na dawa hufikiriwa kama ni mjamzito au kinga yake ya mwili imeshuka.

Ila kipimo hicho kinavunjika pakitokea jambo linalosambaza matone chumba kizima, kama kumwagika, mrija kupasuka kwenye sentrifuji, au voteksi isiyofunikwa. Hapo kila aliyekuwemo anahesabiwa hatari kubwa, hata wa dirishani. Kwa hiyo swali langu la mwisho kwa usiku huu: mrija wa voteksi ulikuwa na kifuniko?

Kitanzi_Ksm · saa 4:10 usiku

Mwanafunzi anasema ulikuwa na kifuniko cha kukaza. Alizungusha sekunde 10, akafungua papo hapo na kuvuta kwa pipeti.

Bi_Kinga · saa 4:14 usiku

Kufungua papo hapo ni kama kufungua soda iliyotikiswa. Ukisubiri dakika kadhaa matone hutua ndani ya mrija. Na kwa kuwa hewa ya kabati ilikuwa inapuliza kuelekea chumbani, mimi ningewahesabu wote waliokuwepo Jumanne kuwa hatari kubwa.

Nekesa_CO · saa 4:25 usiku

Hapo tunatofautiana, dada. Kifuniko kilikuwepo na mrija haukuwa na kitu kingi. Rifampisini si peremende. Inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Inashusha dolutegravir mwilini, na kwa anayetumia ARV hiyo kipimo lazima kiongezwe kiwe miligramu 50 mara mbili kwa siku. Na mtu mwenye kifua kikuu kisichojulikana ukimpa rifampisini wiki tatu umemharibia matibabu yake yajayo, kwa hiyo kwanza anaulizwa kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito. Kumpa huyo wa barafu aliyekaa dakika mbili, mimi ningesita.

Bi_Kinga · saa 4:31 usiku

Kusita ni haki ya mtabibu baada ya kumwona mtu. Ila jina lake lisikosekane kwenye orodha kwa sababu sisi wawili hatujakubaliana.

Nekesa_CO · saa 4:33 usiku

Hilo nakubali kabisa. Na ombi kwako Kitanzi: maswali ya ujauzito, ARV na uzazi wa mpango yasiulizwe maabara wala yasiandikwe kwenye fomu yako. Orodha yako iwe na jina, simu, mahali, tarehe na kazi aliyokuwa akifanya. Mengine ataulizwa faraghani kliniki. Mtu akihisi fomu itasomwa na idara nzima, ataficha, na atameza rifampisini juu ya dawa zisizopatana nayo.

Kip_Kapsabet · saa 4:40 usiku

Samahani kwa kuingilia. Mimi mwaka jana nilirukiwa na damu ya ng'ombe jichoni kichinjioni, nikaosha tu. Nifanye kipimo cha brusela? Kuna duka la dawa hapa wanapima kwa shilingi kidogo.

Nekesa_CO · saa 4:47 usiku

Kip, kama ni mwaka jana na huna homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo wala mgongo, hakuna cha kukimbilia dukani. Vipimo vile vya haraka vya homa vinavyotumika vituo vingi vimekuwa na tatizo la kusema "chanya" kwa watu wasio na ugonjwa. 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulioonyesha hivyo. Ukiwa na dalili, njoo hospitali uelezee kazi yako. Usisahau kutaja kichinjio.

Na hili linawahusu watu wa Kitanzi pia. Damu ya mwanzo itolewe kesho, kabla au siku ile ile ya kuanza dawa, kisha wiki ya 6, 12, 18 na 24 kuhesabu tangu siku ya mwisho ya kuguswa, yaani tarehe 12. Maabara iwe moja na kipimo kiwe kimoja, na sehemu ya damu ya mwanzo igandishwe ili ije kupimwa pamoja na ya baadaye. Wengi huku kwetu wamekua wakinywa maziwa mabichi, kingamwili za zamani zinaweza kuwepo. Bila damu ya mwanzo hutajua kama kilichopanda kimepanda kwa sababu ya maabara.

Kip_Kapsabet · saa 4:51 usiku

Shukrani, nimeelewa.

Wakili_Mwitu · Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Asubuhi njema. Upande wa sheria: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya saa 24. Kitanzi, chuo chako kina hadi leo alasiri.

Bi_Kinga · saa 1:05 asubuhi

Wakili, saa 24 ni kwa kifo. Ajali isiyoua ni siku 7 tangu mwajiri apate taarifa. Na taarifa yenyewe mfanyakazi anaweza kuitoa kwa mdomo au kwa maandishi, lakini mimi kila siku nasema maandishi, yenye tarehe na saa, nakala moja ubaki nayo.

Wakili_Mwitu · saa 1:12 asubuhi

Umenishika, ni kweli, nimechanganya vifungu. Lakini linabaki gumu zaidi. Sheria hiyo inamlinda mfanyakazi, na inamtaja pia mwanagenzi aliye kwenye mafunzo ya kazi. Mwanafunzi wa uzamili anayelipa karo si mfanyakazi. Kitanzi na mhadhiri wamo. Hao wanafunzi watatu, sijui chuo kitawaingiza kwa mlango gani.

Pleti_Moto · saa 1:20 asubuhi

Kama mwanafunzi analipwa posho na mradi wa utafiti, si huo ni mkataba?

Wakili_Mwitu · saa 1:26 asubuhi

Mwenzangu mmoja angesema ndiyo, mwingine angesema posho ya kujikimu si mshahara. Nisimdanganye mtu hapa. La kufanya ni wao wenyewe waandike barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa wanafunzi na kwa afisa wa usalama, ili isije kusemwa kuwa hawakuripoti. Na waulize kama bima ya wanafunzi inagharimia vipimo vya miezi sita, kwa maana gharama yenyewe iko huko kuliko kwenye vidonge.

Daktari_wa_Mifugo_Nax · saa 1:45 asubuhi

Nirudi kwenye sampuli, mnivumilie. Mmepanga watu wa maabara vizuri, lakini aliyekivuta kile kijusi kwa mikono mitupu ni mfugaji. Yeye na familia yake wameguswa kuliko yeyote aliyekaa mita 4 dirishani, na pengine wanakunywa maziwa ya ng'ombe huyo huyo. Jibu la maabara ya rufaa lazima lifike kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo na kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Brusela ni mojawapo ya magonjwa matano ya kutoka kwa wanyama yaliyopewa kipaumbele Kenya 2015, pamoja na kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa na malale. Ofisi hizo mbili zinajua la kufanya zikipewa jina la kijiji.

Pia uliza maabara ya rufaa ni aina gani. Kama ni ile ya chanjo iitwayo RB51, rifampisini haiifanyi kitu na damu ya kingamwili haitaionyesha. Mpango wote wa Nekesa ungebadilika.

Nekesa_CO · saa 1:52 asubuhi

Daktari yuko sahihi. Kitanzi, liulize hilo kabla dawa haijatolewa.

Kitanzi_Ksm · saa 6:20 mchana

Habari za mchana. Nimeongea na maabara ya rufaa: si RB51, ni aina ya mwituni, jina kamili litafuata wiki ijayo. Afisa wa usalama amefika saa tatu asubuhi, mkuu wa idara ameitwa. Watano wametoa damu kliniki ya chuo. Wanne wameandikiwa dawa. Mwanafunzi mmoja mtabibu amemtuma kwa daktari wa uzazi kwanza, sikuuliza zaidi. Wa barafu amesema atafuatiliwa tu, hataki vidonge.

Mhadhiri bado anasisitiza neno "ajali" lisitumike kwenye ripoti. Anataka iandikwe "tukio la utambuzi". Hili naliandikaje?

Pleti_Moto · saa 6:31 mchana

Andika tendo, acha jina. "Tarehe 8, pleti yenye bakteria ilifunguliwa mezani, matone ya peroksaidi yakawekwa." Hakuna wa kubishana na hilo.

Bi_Kinga · saa 6:40 mchana

Pleti_Moto amesema vizuri, lakini kichwa cha fomu kiwe "kuguswa na kimelea hatari". Ukiandika "utambuzi", karatasi itapelekwa kwenye faili la ubora wa vipimo na haitafika kwa mtu wa usalama kazini. Najua mhadhiri anahofia kulaumiwa. Mwambie ripoti hii ndiyo inayomlinda yeye pia, kwani aliinama juu ya pleti.

Chumba umekifanyaje?

Kitanzi_Ksm · saa 6:48 mchana

Meza, voteksi, pipeti na lile kabati tumefuta kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, tukaacha nusu saa kabla ya kufuta kwa maji. Vilivyohifadhiwa: pleti mbili, mrija mmoja wa agaa, vichupa vinne vya gliseroli. Vimezibwa, vimefungiwa, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine afisa.

Bi_Kinga · saa 6:55 mchana

Chupa yako ya jiki ikiwa ya asilimia 3.5, hiyo 1 kwa 6 inakupa klorini asilimia 0.5, sawa kabisa. Ichanganywe upya kila siku. Mchanganyiko wa jana uliobaki kwenye ndoo unakuwa umeshapoteza nguvu.

Na pleti zilizotumika kati ya tarehe 8 na 12, zile zilizotupwa, nani alizibeba kwenda otoklevu?

Kitanzi_Ksm · saa 7:30 mchana

Mama wa usafi. Hayumo kwenye orodha.

Bi_Kinga · saa 7:32 mchana

Anazibeba kwenye nini?

Kitanzi_Ksm · saa 7:39 mchana

Ndoo wazi. Anazimimina kwenye mfuko mle ndani ya chumba cha otoklevu, mlango umefungwa. Halafu ameajiriwa na kampuni ya nje, si chuo.

Wakili_Mwitu · saa 7:50 mchana

Basi mwajiri wake ndiye mwenye siku zile 7, lakini hawezi kuripoti asichoambiwa. Afisa wa usalama wa chuo awaandikie leo. Kama wataanza kurushiana mpira kati ya chuo na kampuni, na nahofia watarushiana, tarehe ya barua hiyo ndiyo itakayoangaliwa.

Nekesa_CO · saa 7:52 mchana

Barua baadaye. Mpigieni simu.

Kitanzi_Ksm · saa 9:15 alasiri

Nimempata. Anasema tangu Jumamosi ana homa za jioni, shuka zinalowa jasho, na magoti yanauma. Alinunua dawa ya malaria.

Nekesa_CO · saa 9:18 alasiri

Huyo asipewe zile dawa za siku 21. Hizo ni za asiye na dalili, na akizianza kabla ya kutolewa damu ya kuotesha mtaficha ugonjwa bila kuuponya. Aende hospitali leo hii, na apimwe malaria upya pia. Mpe barua mkononi, na juu yake, kabla ya kitu kingine chochote, iandikwe kwamba maabara ya hospitali izifungue chupa zake za damu ndani ya kabati la usalama pekee kwa sababu inashukiwa brusela. Wasipojua, Jumatatu ijayo mteknolojia mwingine atadondosha peroksaidi kwenye kioo mezani.

Kitanzi_Ksm · saa 9:41 alasiri

Barua hii hapa, nisahihisheni upesi, bodaboda anasubiri:

"Kwa maabara: INASHUKIWA BRUSELA. Chupa za damu na pleti zifunguliwe ndani ya kabati la usalama tu, zitunzwe siku nyingi kuliko kawaida, zisitambuliwe kwa API wala mashine. Kwa mtabibu: mgonjwa alibeba pleti zenye brusela iliyothibitishwa, kati ya tarehe 8 na 12, bila barakoa. Homa tangu tarehe 20. Simu ya afisa wa usalama na ya maabara ya rufaa ziko nyuma."

Nekesa_CO · saa 9:44 alasiri

Ongeza dawa ya malaria aliyomeza na tarehe. Mengine yako sawa. Mwache aende.

Bi_Kinga · saa 9:45 alasiri

Na umpigie simu mkuu wa maabara ya hospitali kabla bodaboda haijafika. Barua hubaki mapokezi.

Kitanzi_Ksm · saa 10:20 jioni

Nimempigia. Ameniuliza kabati lao ni la aina gani nikamwambia achukue tishu.